Mvua ya Radi na Ndege: Upepo Unaoinua Kabla ya Kuangusha

Wakati wa mvua za masika, abiria anayesubiri ndege ya jioni katika Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Kisumu anaweza kuambiwa kwamba safari imecheleweshwa na hali ya hewa, ilhali pale alipoketi hakuna hata tone la mvua. Mwingine tayari yuko angani. Anauona mji na ziwa kupitia dirishani, lakini ndege inazunguka bila kutua, na pengine mwishowe inarudi Nairobi. Manung'uniko hayakosi, na swali huwa ni lile lile: ikiwa uwanja unaonekana, kwa nini ndege isitue?

Wengi hudhani rubani anaogopa radi. Kwa kweli ndege za abiria hupigwa na radi mara kwa mara na kuendelea na safari, kwa sababu mwili wake hupitisha umeme upande wa nje bila kuwafikia walio ndani. Kinachoogopwa zaidi karibu na ardhi ni upepo unaotoka chini ya wingu la radi. Upepo huo una tabia ya hila: mwanzoni huisaidia ndege, halafu katika sekunde chache huinyang'anya kila kitu. Makala haya yanaeleza jinsi upepo huo unavyozaliwa, unavyoangusha ndege, na kwa nini dawa yake kuu ni kusubiri.

Wingu linavyojijenga na kuporomoka

Mchana jua hupasha nchi kavu joto haraka kuliko maji ya ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huvutwa kujaza nafasi yake. Ndiyo ule upepo wa ziwa unaovuma alasiri kuelekea nyanda za Nandi na Kericho. Ikifika kwenye miinuko, hewa hiyo hupanda zaidi, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu. Siku yenye joto na unyevu mwingi wingu halikomi kwenye kimo cha kawaida. Huendelea kukua kama mnara hadi kilomita 12 au zaidi kwenda juu, na kilele chake hutandazika kama fuawe ya mhunzi. Hilo ndilo wingu la radi.

Ndani ya wingu hilo hewa inayopanda hushikilia maji mengi na vipande vya barafu. Hufika wakati mzigo ukawa mzito kuliko nguvu inayoushikilia, nao huanza kushuka ukiburuta hewa pamoja nao. Kisha linatokea jambo la pili, ambalo ndilo lenye nguvu zaidi. Matone yanaposhuka na kupita katika hewa iliyo kavu kiasi, baadhi hugeuka mvuke, na mvua ya mawe huyeyuka. Mambo yote mawili hula joto la hewa inayoyazunguka. Ni kanuni ile ile inayofanya maji ya mtungi wa udongo yawe baridi bila friji: maji yanayojipenyeza hadi nje ya mtungi hukauka, na yanapokauka hubeba joto. Hewa iliyopozwa namna hiyo huwa nzito kuliko hewa ya kando yake, basi huporomoka kwa kasi kuelekea ardhini.

Ikifika chini haina pa kwenda ila pembeni. Mtu akimwaga ndoo ya maji kwa mpigo mmoja juu ya sakafu ya saruji, ataona maji yakipiga sakafu na kukimbia pande zote kutoka pale yalipoangukia. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Mporomoko wa hewa ambao upepo wake mkali umeenea kwa upana usiozidi kilomita 4 ndio wataalamu huuita maikrobasti. Ni mdogo sana ukilinganishwa na mvua inayofunika kaunti nzima. Unaweza kufunika uwanja wa ndege peke yake, huku kijiji cha jirani kikiwa shwari. Maisha yake pia ni mafupi, kwani nguvu yake kuu hudumu dakika chache tu. Udogo huo na ufupi huo ndio uliofanya ujulikane kwa kuchelewa.

Mwanasayansi aliyesoma miti iliyolala

Tarehe 24 Juni 1975, ndege aina ya Boeing 727 ya shirika la Eastern, safari namba 66, ilianguka ikikaribia kutua katika uwanja wa John F. Kennedy, New York, wakati wa mvua ya radi. Watu 113 walikufa. Jambo lililowatatiza wachunguzi ni kwamba dakika chache kabla ya hapo, rubani mmoja alikuwa ametua kwa shida na kutoa taarifa ya upepo mbaya, mwingine akaacha kutua na kupaa tena, kisha ndege nyingine zikatua salama. Ilikuwaje njia ile ile iwe mbaya, iwe nzuri, kisha iue, yote katika muda mfupi namna hiyo?

Aliyelipata jibu ni Tetsuya Fujita, mwanasayansi wa hali ya hewa mzaliwa wa Japani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1945, akiwa kijana, alikuwa amezuru Nagasaki na Hiroshima baada ya mabomu ya atomiki, akaona jinsi nguvu iliyotoka juu ilivyolaza miti kuelekea nje pande zote, mfano wa miale ya nyota. Miaka mingi baadaye, alipokuwa akipiga picha kutoka angani za misitu iliyoharibiwa na dhoruba huko Marekani, aliona alama zile zile. Kimbunga cha kuzunguka huacha miti imesokotana. Hii ilikuwa imelala kutoka kituo kimoja kwenda nje. Fujita akasema kwamba kuna mporomoko mkali wa hewa kutoka kwenye wingu hadi ardhini, na kwamba huo ndio ulioiangusha ile ndege ya New York.

Wataalamu wengi walimpinga, wakisema hewa inayoshuka hupoteza nguvu kabla ya kufika chini. Utafiti uliofanywa kwa rada karibu na Chicago mwaka 1978, na mwingine karibu na Denver mwaka 1982, ulimaliza ubishi. Katika majira moja tu ya kiangazi huko Denver ilihesabiwa miporomoko zaidi ya 100. Kumbe haikuwa kitu cha nadra. Ilikuwa ikipita bila kuonekana kwa sababu vipimo vya upepo vilikuwa vichache na mbalimbali.

Hesabu ya kasi inayopotea

Ili kuelewa kwa nini mporomoko huu ni hatari, lazima kutenganisha kasi mbili. Ya kwanza ni kasi ya ndege juu ya ardhi, ile ambayo mtu aliye chini angeipima akiitazama ikipita. Ya pili ni kasi ya ndege ndani ya hewa, yaani jinsi hewa inavyopita juu na chini ya mabawa yake. Mabawa hayajui habari ya ardhi. Yanainua ndege kwa kadiri ya hewa inayoyapitia. Ndege inayokwenda kilomita 220 kwa saa juu ya ardhi, huku ikikabili upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa, mabawa yake hupata hewa ya kilomita 260 kwa saa. Upepo huo huo ukitoka nyuma, mabawa yatapata 180 peke yake.

Chukua mfano wa ndege inayoshuka kutua, ambayo inapaswa kuwa na kasi ya hewani ya kilomita 260 kwa saa. Mbele yake mporomoko umepiga ardhi na kutawanyika. Ndege inaingia kwanza katika upande wa karibu, ambako upepo unakimbia kuijia. Kasi ya hewani inapanda hadi 300, mabawa yanainua zaidi, na ndege inajikuta juu ya njia yake ya kushukia. Rubani ambaye hajui kilicho mbele anaona kwamba ana kasi ya ziada na kimo cha ziada. Anafanya jambo la kawaida kabisa: anapunguza nguvu ya injini na kuishusha pua. Kasi inarudi 260, na kila kitu kinaonekana kimekuwa sawa.

Kisha ndege inafika katikati. Upepo wa mbele unatoweka, na badala yake hewa inashuka kutoka juu na kuisukuma chini. Sekunde chache baadaye inatokea upande wa pili, ambako upepo unakimbia kuelekea ule ule upande ndege inakokwenda. Sasa upepo unatoka nyuma. Ndege ni nzito, na uzito huo hauwezi kuongezewa mwendo kwa kufumba na kufumbua. Juu ya ardhi bado inakwenda kilomita 220 kwa saa, lakini mabawa yanapata hewa ya kilomita 180 tu. Nguvu ya kuinua haipungui sawasawa na kasi. Hupungua kwa mraba wake. Kasi ikitoka 260 hadi 180 na mengine yote yakabaki vile vile, nguvu ya kuinua hushuka chini ya nusu. Ndege inaanza kuzama, na hiyo ni wakati injini zimepunguzwa na ardhi iko karibu.

Rubani akisukuma injini hadi mwisho, hazijibu papo hapo. Injini kubwa ya ndege ikiwa imepunguzwa sana huhitaji sekunde kadhaa kufikia nguvu kamili. Katika mwinuko wa kilomita 10 sekunde hizo si kitu. Katika mwinuko wa mita 100 ndizo tofauti ya kufika na kutofika. Kwa hiyo mtego wa mporomoko hauko katika ukali wa upepo pekee. Uko katika mpangilio wake: zawadi hutangulia, deni hufuata.

Dallas, 2 Agosti 1985

Ajali iliyobadilisha jinsi dunia inavyoushughulikia upepo huu ilitokea katika uwanja wa Dallas/Fort Worth, jimbo la Texas. Ndege kubwa ya injini tatu aina ya Lockheed TriStar, ya shirika la Delta, safari namba 191, ilikuwa ikitoka Florida kwenda Los Angeles kupitia Dallas. Ndani yake walikuwamo watu 163. Ilikuwa baada tu ya saa 12 jioni, siku yenye joto kali, na mvua za radi zilikuwa zimetawanyika huku na huko. Moja ilikuwa imeota karibu na mwisho wa njia ya kutua, ikikua haraka.

Mbele yake ndege ndogo ya jeti ilipita katika mvua hiyo hiyo na kutua. Rubani msaidizi wa Delta, ambaye ndiye aliyeishika ndege wakati huo, aliuona umeme ukipiga katika wingu lililokuwa mbele yao na akasema hivyo. Hata hivyo waliendelea.

Katika mwinuko wa takriban mita 240, kasi ya hewani ilipanda yenyewe kutoka kilomita 278 hadi 320 kwa saa. Nguvu ya injini ikapunguzwa, kama katika mfano uliotangulia. Nahodha, mtu mwenye uzoefu mkubwa, alitambua kinachokuja na kumwonya mwenzake kwamba kasi ingepotea kwa ghafla. Onyo halikuwa limekwisha baridi ilipopotea kweli. Mvua kubwa iliifunika ndege, nahodha akaagiza injini zisukumwe juu kabisa, lakini kasi ilikwisha shuka hadi takriban kilomita 220 kwa saa. Kwa kitambo ilionekana kama wangejiokoa. Lakini hewa ndani ya mporomoko ilikuwa ikijiviringisha, ikaiyumbisha ndege na kuisukuma tena chini.

Magurudumu yaligusa shamba lililolimwa, karibu kilomita 2 kabla ya kuifikia barabara ya kutua. Ndege ikaruka kidogo, ikavuka barabara kuu ya magari na kuligonga gari moja, dereva wake akafa. Kisha ikajigonga kwenye matangi makubwa ya maji ya uwanja na kuwaka moto. Zaidi ya watu 130 walipoteza maisha. Vipimo vya upepo vilivyosimikwa uwanjani vilitoa tahadhari, lakini wakati huo ndege ilikuwa imekwisha anguka.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitaja mambo matatu. La kwanza, marubani waliamua kuanza na kuendelea kushuka kupitia wingu la radi ambalo waliuona umeme wake. La pili, hapakuwa na miongozo na mafunzo mahususi ya kuukwepa upepo huo na kujinasua. La tatu, hapakuwa na taarifa ya hakika, ya papo hapo, kuhusu hatari iliyokuwa njiani. Kwa maneno mengine, marubani walifanya kosa, lakini walilifanya katika mfumo ambao haukuwapa njia ya kuijua hatari wala ya kuishinda.

Ile ndege ndogo iliyotangulia inastahili kukumbukwa. Mporomoko hukua kutoka kitu kidogo hadi nguvu kamili katika dakika chache, kwa hiyo ndege ya kwanza kupita salama haimhakikishii ya pili lolote. Ndivyo ilivyokuwa New York mwaka 1975, na ndivyo ilivyokuwa Dallas miaka 10 baadaye. Abiria anayesema "mbona ile nyingine imetua?" anatoa hoja ile ile ambayo ajali hizi mbili zimeikanusha.

Hatari wakati wa kuruka

Wakati wa kuruka mpangilio wa upepo ni ule ule, lakini mazingira ni tofauti. Injini tayari ziko kwenye nguvu kubwa, hivyo akiba iliyobaki ni ndogo. Ndege ina mafuta ya safari nzima na ni nzito. Upepo wa mbele unaisaidia kuinuka mapema, kisha upepo wa nyuma unaikuta ikiwa mita chache tu juu ya ardhi, na barabara ya kurukia inamalizika.

Tarehe 31 Julai 2018 ndege aina ya Embraer 190 ya shirika la Aeroméxico, safari namba 2431, iliruka kutoka mji wa Durango, Meksiko, mvua ya radi ikiingia uwanjani. Iliinuka kidogo, kasi ya hewani ikaporomoka, ikarudi ardhini, ikateleza nje ya barabara na kuungua. Wachunguzi walikuta kwamba ilikuwa imeingia katika mporomoko wa hewa. Watu wote 103 walitoka wakiwa hai kabla moto haujaiteketeza.

Uwanja wa Durango uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika miinuko kama hiyo hewa ni nyepesi. Injini hutoa nguvu kidogo kuliko pwani, na ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi ili kuinuka. Kwa Kenya jambo hili si la mbali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600, na Kisumu zaidi ya mita 1,100. Saa za alasiri, joto linapokuwa kali, hewa huwa nyepesi zaidi, na hizo ndizo saa ambazo mawingu ya radi hukomaa kwenye miinuko inayolizunguka ghuba la Winam.

Marubani na mitambo wanavyofanya sasa

Baada ya Dallas, marubani walianza kufunzwa kwenye mitambo ya kuigiza urukaji, ambako ajali halisi ziligeuzwa kuwa mazoezi. Fundisho la kwanza ni kutoingia. Pale wingu la radi lilipo karibu na njia ya kurukia au kutua, rubani husubiri chini, au huzunguka mbali, au hwenda uwanja mwingine. Ndiyo sababu ndege hubeba mafuta ya ziada ya kumfikisha mahali pengine.

Fundisho la pili ni kuitafsiri upya ile zawadi. Kasi ikipanda ghafla bila rubani kuigusa injini, karibu na mvua ya radi, hiyo si bahati. Ni onyo, na wakati wa kuacha kutua ni huo huo, kabla ya upepo kugeuka.

Fundisho la tatu ni la yule ambaye tayari amenaswa. Husukuma injini hadi nguvu ya mwisho na kuinua pua kwa kipimo alichofunzwa, hata kama kasi ni ndogo kuliko anavyopenda. Hili huenda kinyume na mazoea, kwa sababu rubani hufunzwa tangu mwanzo kwamba kasi ikipungua pua huteremshwa. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuteremka. Magurudumu na vibawa vya nyuma ya mabawa huachwa kama vilivyo mpaka hatari ipite. Kuvirudisha vibawa hupunguza nguvu ya kuinua, na milango ya magurudumu inapofunguka huongeza ukinzani wa hewa wakati ambao kila chembe ya nguvu inahitajika.

Mitambo nayo imebadilika. Ndege nyingi za mashirika hubeba kifaa kinachotambua kwamba upepo umekwisha geuka na kumpigia rubani kelele. Nyingine zina rada kwenye pua inayotazama mbele kilomita kama 5. Rada hiyo hupima mwendo wa matone ya mvua. Ikiona matone ya karibu yanaijia ndege na ya mbali yanaikimbia, imeuona mporomoko wenyewe, na rubani anapata takriban dakika moja ya kuamua. Baadhi ya viwanja vikubwa duniani vina rada yake ardhini kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini kila kifaa kina mpaka. Rada inayopima matone huona kwa shida pale ambapo matone ni machache. Katika maeneo makavu mvua huweza kuonekana ikining'inia kutoka wingu la juu kama pazia lisilofika chini, kwa kuwa imekauka yote njiani. Kukauka huko ndiko kunakoipoza hewa na kuiangusha. Chini panaweza kuwa pakavu kabisa, vumbi tu likitimka, na upepo ukawa mkali sawa na ule wa mvua kubwa. Tena viwanja vidogo vya vumbi vya mikoani havina mitambo hiyo. Pale rubani hutegemea macho yake, taarifa za Idara ya Hali ya Hewa, na uamuzi wa kusubiri.

Dalili ambazo mkazi anaweza kuziona

Mporomoko una alama zinazoonekana kwa macho. Nguzo nyembamba ya mvua nyeusi ikishuka kutoka kwenye wingu na kupanuka chini kama unyayo, hewa inatawanyika pale. Pete ya vumbi inayokimbia nje kutoka sehemu moja ina maana ile ile. Na ule upepo wa baridi unaokuja kabla ya mvua, unaofunga milango kwa kishindo na kuwafanya watu wakimbilie nguo kwenye kamba, ni hewa iliyoporomoka kutoka katika wingu lililo kilomita kadhaa kutoka hapo. Ndiyo maana uwanja unaweza kufungwa kwa muda ilhali juu yake kuna jua.

Upepo ukishabomoa, uharibifu wenyewe hueleza kisa. Mabati yaliyong'olewa mara nyingi husemwa yamechukuliwa na kimbunga. Lakini miti, mahindi na mabati yakiwa yamelala kutoka mahali pamoja kwenda nje, kama vijiti vya gurudumu la baiskeli, aliyepita ni mporomoko. Anayepeleka taarifa ya hasara kwa chifu au kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti afanye vyema kutaja saa ilivyokuwa na upande ambao vitu vililalia, na kupiga picha kabla ya kusafisha.

Wavuvi wanaufahamu upepo huu kwa jina la hasara zake. Ukipiga juu ya maji hukimbia mbele ya mvua na kupindua mashua ambayo dakika tano kabla ilikuwa kwenye maji tulivu. Kwa mvuvi, kama kwa rubani, nguzo nyeusi ya mvua inayosogea si kitu cha kujaribu kukitangulia.

Na kwa abiria yapo mambo mawili. Ndege inapokuwa ikishuka katika hali ya hewa ya radi, mkanda ufungwe na ubaki umefungwa hata kama mtikisiko umetulia, kwa sababu utulivu huo unaweza kuwa ni wa katikati ya njia. Na ndege ikilazimika kutoka watu haraka, mizigo ibaki. Injini zikinguruma ghafla na pua kupanda wakati barabara ya kutua ilikuwa karibu kuguswa, hilo si kosa la rubani. Huenda ameona kasi ikipanda bila sababu, akajua kinachofuata, akakataa kuipokea ile zawadi. Wingu la radi kwa kawaida hupita au huisha nguvu chini ya saa moja, na uwanja utakuwa pale pale.